MINT: Maji Kwenye Dizeli

Barua ya kwanza niliiandika kwa dakika kumi na mbili, na ilikuwa mbaya kwa namna ambayo kila aliyefanya Insha ya KCSE ataielewa. Anwani yangu juu kulia, anwani ya kampuni kushoto, halafu MINT na mstari chini yake. "Ninaandika kwa unyenyekevu mkubwa kuomba nafasi ya mtafsiri wa kiufundi kama mlivyotangaza." Baada ya hapo nikajiita mchapakazi, mwaminifu, mtu asiyehitaji kusukumwa. Ungeweza kuichukua barua hiyo ukaombea kazi ya ukarani au ya kuuza simu na hakuna angeshtuka.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Kampuni ya uhandisi iliyo Eneo la Viwanda hapa Nairobi, inaingiza pampu za maji na jenereta, inauza huku kwetu na ng'ambo ya mpaka Tanzania. Walitaka mtu wa kutoa miongozo ya mitambo kwenye Kiingereza na kuiweka kwenye Kiswahili. Sifa zilikuwa tatu. Ya kwanza, uzoefu wa miongozo ya mitambo. Ya pili, Kiswahili ambacho fundi ataelewa. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nifunge kompyuta nishuke kununua smoki pasua: shahada ya uhandisi, isimu au fani inayohusiana.

Sina shahada. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, baada ya jina langu kukosekana kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio la karo. Nilisema ningerudi muhula uliofuata. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na kusema ukweli nimeshaichoka.

Kutafsiri kulinijia kwa njia ya pembeni. Msee tuliyesoma naye alipata kazi kwa mwagizaji wa pampu ndogo za petroli, zile za kunyunyizia mashamba, na bosi wake akamwambia tafuta mtu aandike mwongozo kwa Kiswahili maana wateja wanarudisha pampu zikiwa zimeungua. Nilipewa shilingi tatu kwa neno. Sikujua kama hiyo ni bei nzuri au nimeuzwa. Nilijua tu kuwa kodi ilikuwa imepita tarehe.

Kwa hiyo barua ya pili ilikuwa na hesabu. Miongozo saba, miaka mitatu, jumla ya maneno kama elfu hamsini. Nilimwonyesha dadangu mkubwa, ambaye kazini kwao ndiye anayepokea wasifukazi na kuzichuja. Aliisoma akiwa amesimama jikoni.

"Hii ni hesabu ya maneno," akasema. "Hata aliyechapa tu angeweza kuisema. Sasa wewe unajua nini ambacho mtu mwingine mwenye Kiswahili kizuri hajui?"

Nikasema najua majina ya vipuri.

"Hayo si yako kwa kamusi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini kufikiria kwa mara ya kwanza hicho kitu kinachoitwa uzoefu wa miongozo. Majina ya vipuri kwa kweli si shida. Fundi ana majina yake tayari: beringi, gasketi, pistoni, plagi, kabureta, nati na washa. Mtafsiri anayekuja na neno la kubuni la gasketi anajisumbua na anamsumbua fundi. Shida iko kwenye vitenzi, na hasa vile vitenzi vidogo vya Kiingereza ambavyo huwezi hata kufikiria kuvitafuta kwenye kamusi.

Chukua kitenzi kimoja ambacho niruhusu nikiandike jinsi fundi anavyokitamka: ripleisi. Kwenye ukurasa mmoja mwongozo unasema uripleisi kifuniko cha tangi. Maana yake kirudishe pale kilipokuwa. Mistari minne chini unasema uripleisi chujio la oili. Maana yake tupa la zamani, weka jipya. Kiingereza kinatumia neno moja na kinamwachia msomaji akisie kutokana na kifaa chenyewe. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague: rudishia au badilisha. Ukichagua vibaya kwenye kifuniko, mkulima ataenda mjini kununua kifuniko asichohitaji. Ukichagua vibaya kwenye chujio, atalitoa, atalipanguza, atalirudisha likiwa na uchafu wake wote, na atakuwa amefuata maagizo yako sawasawa.

Huwezi kujua lipi ni lipi kwa kusoma sentensi peke yake. Unajua kwa kuangalia mchoro, orodha ya vipuri na ratiba ya huduma iliyo mwisho wa kitabu. Kama kifaa kina namba yake ya kuagizia na saa zake za kubadilishwa kwenye ratiba, basi kuna uwezekano mkubwa hicho ni cha kutupa na kuweka kipya. Nilianza kusoma miongozo kutoka nyuma kuja mbele, na hadi leo ndivyo ninavyofanya.

Nikaandika hayo kwenye barua ya tatu. Ilikuwa bora. Lakini nilijua kuna kitu nilikuwa nakizunguka, kama mtu anayefagia nyumba nzima akiacha chini ya kitanda.

Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilipewa mwongozo wa jenereta ya dizeli, maneno kama elfu tisa. Ilikuwa pesa kubwa na muda mfupi. Kufikia hapo nilikuwa nafanya kazi na OmegaT, programu ya bure ambayo inakata maandishi sentensi kwa sentensi na kukumbuka kila ulichowahi kutafsiri. Ikikutana na sentensi iliyofanana na ya zamani, inakuletea jibu lako la zamani. Sasa, kumbukumbu hizo ukiziweka kwenye folda ya `tm` zinakuja kama pendekezo tu, ukubali au ukatae. Ukiziweka kwenye `tm/auto`, sentensi inayofanana kabisa inajazwa yenyewe bila kukuuliza. Nilikuwa na haraka. Nikaweka kumbukumbu za pampu zangu zote kwenye `tm/auto`, nikaanza kubonyeza `Ctrl+U`, ambayo inakurukisha hadi sentensi inayofuata ambayo haijatafsiriwa. Zilizojazwa zenyewe huzioni hata. Unapita juu yake kama mtu aliye kwenye gari la moshi.

Kati ya zilizokuwa kwenye kumbukumbu, moja ilikuwa hii:

```
<tu>
  <tuv xml:lang="en"><seg>Prime the system before starting.</seg></tuv>
  <tuv xml:lang="sw"><seg>Jaza maji kwenye mfumo kabla ya kuwasha.</seg></tuv>
</tu>
```

Kwa pampu ya maji, hiyo ni tafsiri sahihi, na niliionea fahari. Pampu ya aina ile haiwezi kuvuta maji ikiwa tumbo lake limejaa hewa. Lazima kwanza ufungue kizibo cha juu, umimine maji hadi yajae, ufunge, ndipo uwashe. Ukiiwasha kavu, sili inayozuia maji pale shafti inapopita inajisugua bila kitu cha kuipoza, inaungua, na baadaye utaona maji yanadondoka kati ya pampu na injini. Hizo ndizo pampu zilizokuwa zikirudishwa dukani. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha tendo hilo, kwa hiyo nilieleza tendo lenyewe: jaza maji.

Kwenye mwongozo wa jenereta, sentensi ileile, neno kwa neno, ilikuwa sehemu ya mafuta, baada ya hatua za kubadilisha chujio la dizeli. Programu ikafanya ilichoambiwa. Mwongozo wangu ukamwambia fundi ajaze maji kwenye mfumo wa dizeli.

Sikuligundua mimi. Nilikuwa na mazoea, niliyoanza kwa woga tu wa kukosa cheti, ya kumlipa fundi anisikilize nikisoma kazi kabla sijaituma. Fundi wangu yuko Kariobangi, pale Laiti, ana kibanda cha mabati chenye jenereta tatu zilizofunguliwa wakati wowote utakaoenda. Ninampa shilingi elfu moja na chai. Mimi nasoma, yeye anafanya, na akisita naweka alama. Siku hiyo alikuwa amelegeza chujio, mikono imejaa dizeli, nikasoma sentensi ile kwa sauti ya mtangazaji.

Akaniangalia. "Soma tena, kijana."

Nikasoma tena.

"Unataka nitie maji kwa dizeli?"

Nilidhani amesikia vibaya. Nikaangalia karatasi. Ilikuwa imeandikwa pale, kwa herufi zangu.

Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alifuta mikono, akachukua pampu ya nozeli iliyokuwa juu ya benchi, akaniambia niishike. Ilikuwa imekwama, haikuzunguka hata kidogo. Akasema vipande vya ndani vimebanana hivi kwamba huwezi kupitisha unywele katikati, na havina oili nyingine inayovilainisha isipokuwa dizeli yenyewe inayopita. Maji hayalainishi. Yakiingia, chuma kinakula chuma, na injini ikilala wiki moja kuna kutu. Ndiyo maana mitambo mingi ya dizeli ina kikombe cha kutenga maji pamoja na kizibo chini yake cha kuyamwaga: maji machache tu yanayotokea ndani ya tangi yenyewe ni adui tosha. "Na wewe unaniambia nijaze," akasema.

Kwenye dizeli, kitenzi kile kina maana ya kutoa hewa. Ukifungua chujio, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta, na mapovu hayasukumiki: pampu inayaminya na kuyaachia bila kupeleka kitu kwenye nozeli, na injini inazunguka bila kushika. Unalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya chujio, unabonyeza pampu ya mkono, inatoka povu, povu, povu, halafu dizeli tupu isiyo na mapovu. Hapo unakaza, dizeli ikiendelea kutoka. Hatua hizo zote zilikuwepo kwenye ukurasa uliofuata wa mwongozo na nilikuwa nimezitafsiri vizuri. Sentensi yangu ya kichwa ndiyo iliyokuwa ya kuua injini. Fundi mzoefu angeidharau na kuendelea. Lakini mwongozo haumhitaji mzoefu sana. Unamhitaji kijana wa miezi miwili kazini, ambaye bosi wake amesafiri, na ambaye ameambiwa afuate kitabu.

Tulibadilisha ikawa: "Toa hewa kwenye njia ya dizeli kabla ya kuwasha." Fundi akapendekeza niongeze njia yake mwenyewe, ya kulegeza nati za nozeli huku mtu akipiga stata. Nikakataa, kwa heshima. Haikuwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na mtafsiri akianza kuongeza hatua zake, siku ikimrukia mtu dizeli usoni ni nani atajibu? Niliiandika kama swali kwa mteja. Hakuwahi kujibu.

Usiku huo nilirudi kwenye faili nikatafuta neno lile kila mahali. Lilikuwepo mara nyingine, kwenye jedwali la uwezo wa mtambo, na huko lina maana ya tatu: kiwango cha umeme ambacho jenereta inaweza kutoa ikiwa ndiyo chanzo chako cha kila siku, tofauti na kile kikubwa zaidi inachotoa kwa dharura tu, stima ikipotea. Neno moja, kitabu kimoja. Mahali pamoja ni hewa, pengine ni umeme, na kwenye kazi zangu za zamani ni maji.

Hiyo ndiyo stori iliyokuwa chini ya kitanda. Nilipomwambia dadangu kwamba nataka kuiweka kwenye barua, alisema mimi ni mwehu. "Hakuna mtu anaomba kazi kwa kuungama," akasema. Nikamwambia nimejaribu kuandika nilichojua bila kusema nilivyokijua, na kila mara inatoka kama tangazo la sabuni. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, basi iwe fupi, na usilielie.

Hii ndiyo iliyoenda:

MINT: OMBI LA KAZI YA MTAFSIRI WA KIUFUNDI

Bwana/Bibi,

Nimetafsiri miongozo saba ya mitambo kutoka Kiingereza hadi Kiswahili: minne ya pampu za petroli, miwili ya jenereta za dizeli na mmoja wa mashine ya kusaga mahindi. Naomba kueleza kosa moja nililofanya katika kazi hizo, kwa sababu linaonyesha ninavyofanya kazi sasa.

Katika mwongozo wa jenereta, agizo la kutoa hewa kwenye njia ya dizeli nililiacha likasomeka kama agizo la kujaza maji. Sentensi ilitoka kwenye kumbukumbu ya mwongozo wa pampu, ambako ilikuwa sahihi. Kosa lilipatikana kabla ya kazi kumfikia mteja, kwa sababu kila mwongozo huusoma mbele ya fundi huku akitenda.

Tangu hapo kumbukumbu za pampu na za injini nazitenga, na hakuna sentensi inayojazwa bila mimi kuiona. Kabla ya kuanza mwongozo wowote ninaandika orodha ya vitenzi vyake vyenye maana zaidi ya moja na kuituma kwa mteja pamoja na maswali. Kwa mwongozo wa kurasa arobaini, maswali huwa kati ya kumi na ishirini. Nitahitaji mtu wa kuyajibu. Nitahitaji pia kuuona mtambo wenyewe, au picha zake, ukiwa umefunguliwa.

Maneno ya usalama siyabadilishi kwa ajili ya ladha ya lugha. HATARI ni pale mtu atakufa au kuumia vibaya asipojiepusha. ONYO ni pale anaweza kufa au kuumia vibaya. TAHADHARI ni pale anaweza kupata majeraha madogo. Yakishakubaliwa hivyo, yanabaki hivyo katika kitabu chote.

Sina shahada. Nilisoma uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa tatu na sikumaliza kwa sababu ya karo. Ninasoma michoro ya mitambo bila msaada.

Nimeambatisha kurasa mbili za mwongozo wa jenereta, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, pamoja na alama za penseli za fundi.

Wako mwaminifu.

Nilituma Jumanne usiku. Ile sentensi ya "sina shahada" niliifuta mara tatu na kuirudisha mara tatu. Niliripleisi, kwa maana zote mbili.

Baada ya siku kumi na saba nilipigiwa simu. Mwanamke mmoja aliniambia nije Alhamisi saa tatu, nibebe kitambulisho. Nikatoka mtaani saa kumi na mbili asubuhi kwa kuogopa jam, nikafika mapema mno, nikasimama nje ya lango na wale vijana wa vibarua wanaosubiri kuitwa.

Mhandisi aliyenihoji alikuwa mtu mzima, shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Barua yangu ilikuwa mezani, imepigiwa mstari kwenye maji na dizeli. Sikuweza kujua kama mstari huo ni mzuri au mbaya.

"Hii ilitokea kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukaiandika."

"Ndiyo."

Hakusema kitu zaidi. Hakuuliza habari za chuo pia, na mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika nzima. Alinipa karatasi moja iliyochapwa pande zote, mwongozo wa pampu ya kisima inayotumia sola, na saa moja. Bila simu.

Nilitafsiri hadi mstari wa kumi na nne, nikasimama. Mwongozo ulisema kebo ikaguliwe na, ikihitajika, iripleisiwe. Ikaguliwe baada ya pampu kutolewa kisimani, sawa. Lakini kebo ileile ndiyo iliyokuwa imefunguliwa hatua mbili juu ili pampu itoke. Kwa hiyo ni irudishwe pale ilipofungwa, au ni inunuliwe mpya? "Ikihitajika" ilielekeza kwenye mpya. Lakini hatua ya kuirudisha haikuwepo mahali pengine popote kwenye ukurasa, na huwezi kuteremsha pampu kisimani bila kebo. Ratiba ya huduma ingenisaidia, ila sikupewa.

Nikaacha nafasi wazi, nikaandika swali pembeni kwa penseli, nikaendelea.

Saa ilipoisha alichukua karatasi akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye nafasi wazi akaniangalia juu ya miwani, akasoma swali, akarudi kwenye Kiingereza. Akasoma tena. Halafu akainuka, akafungua mlango unaoelekea stoo, na nikamsikia akimwita mtu kwa sauti, akimuuliza ile kebo ya pampu ya kisima, mkishaitoa, huwa mnafanyaje.